Ile video ya baruti: nini kinabaki, nini kinakatwa

Mimi ni edita, nipo Tanga, na kazi zangu nyingi ni dokumentari za bahari na wavuvi. Sasa ukigusa stori ya uvuvi wa baruti huku kwetu, siku moja lazima utaletewa ile video. Baruti imepigwa marufuku Tanzania tangu 1970 lakini ajali zimeendelea kutokea, utambi ukiwa mfupi chupa inalipukia mkononi mtu hajairusha, na siku hizi kila mtu ana simu, mwenzake anakuwa anarekodi. Baadaye klipu inazunguka kwenye magrupu ya wotsapu mpaka inakufikia wewe na producer wako anasema hii lazima iingie, hii ndo filamu yenyewe.

Niwaelezee moja niliyoikata, kijiji sitakitaja na mbele mtaona kwa nini. Ilikuwa kama sekunde arobaini. Mwanzo dau limetulia, watu watatu, mmoja anacheka. Halafu mlipuko, maji yanaruka juu meupe, simu inaanguka inaokotwa, na hapo mkono wa jamaa unaonekana wazi kabisa. Kisha pwani, miguu inakimbia mchangani, mwanamke analia, kuna mtu anaita jina la majeruhi mara tatu nne.

Klipu kama hiyo mi huwa naitazama kwanza bila sauti, kwenye kidirisha kidogo kona ya skrini, mchana, siyo saa sita usiku ukiwa umechoka peke yako. Nikishajua kipi kipo wapi ndo naweka sauti, naandika kila sekunde ina nini, na faili naliita jina ambalo mwenzangu akilikuta kwenye folda anajua asibonyeze ovyo. Usimpe kijana wa field akuchagulie, ukishaandika ile orodha hakuna haja ya mtu mwingine kuitazama yote.

Mawazo ya kwanza ya wengi ni kuweka ukungu kwenye jeraha. Mi nakataa karibu kila mara. Ukungu unamwambia mtazamaji hapa kuna kitu, macho yake yanaganda palepale, rangi nyekundu bado anaiona, akili inamalizia iliyobaki na mara nyingi inamalizia vibaya kuliko ilivyokuwa. Halafu picha umeificha lakini sauti umeiacha, na kwa uzoefu wangu sauti ndo inayomfuata mtu mpaka nyumbani, mtu anaweza kufumba macho ila masikio hayafumbiki. Kwa hiyo anza na laini ya sauti kabla hujagusa picha.

Kilichobaki kwenye filamu ni hivi: dau limetulia, mlipuko, yale maji meupe, nakata kabla simu haijaokotwa. Skrini nyeusi sekunde tatu, chini yake mawimbi tu niliyorekodi siku nyingine, kilio hakuna. Halafu yeye mwenyewe leo, kakaa barazani anaongea. Zile sekunde arobaini zimebaki kama nane, na hakuna aliyeona filamu akaja kuniuliza mbona hatujui kilichompata. Wanajua, kawaambia mwenyewe.

Sasa yule mwanamke anayelia. Ni dada yake jamaa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hii watu wanaisahau sana, wanachukua sahihi ya majeruhi wanaona wamemaliza, kumbe kwenye fremu kuna watu wengine watano ambao siku ile hawakujua hata kama wanarekodiwa. Sauti yake nikaitoa yote. Na ingekuwa jamaa amefariki, mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, humfuati na karatasi yako ya ruhusa ndani ya huo muda, unaongea na wazee wa familia kwamba utarudi, na kama deadline haikuruhusu basi hiyo sehemu haimo.

Jamaa mwenyewe tulimwendea bila kamera. Nikamwambia kaka, video ipo, ukitaka kuiona utaiona hapa kwenye simu, ukisema simamisha nasimamisha, usipotaka kuiona nitakusimulia kwa maneno nini nimeacha nini nimetoa. Akachagua kusimuliwa. Halafu akasema jambo ambalo mi nilikuwa nimejipanga kinyume chake, nilipanga kumpiga picha kuanzia kifuani kwenda juu ili mkono usionekane, akasema hapana, mkono wangu uonyeshe, nauosha nauvalisha kila siku mbele ya watu, nisichotaka ni wanangu wasikie nilivyopiga kelele siku ile. Basi tukampiga akimimina chai kwa mkono mmoja, kikombe kakibana na kigutu, picha pana tu, bila kusogeza lenzi na bila muziki wa huzuni.

Lakini kuna la sheria. Baruti ni kosa, yeye kesi yake ilishakwisha, wenzake wawili kwenye dau hawajawahi kuguswa. Huwezi kumlinda mmoja ukawauza wawili. Na hapa ukungu wa uso hautoshi, kijijini mtu anatambulika kwa mwendo, kwa kofia, kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa dau. Hata kubadilisha sauti iwe nzito hakusaidii sana, mtu mwenye programu ya kawaida anaweza kuirudisha ilivyokuwa au karibu na hapo. Tukatoa kicheko, tukakata fremu ibaki maji na kipande cha tanga, na jina la kijiji halitajwi popote hata kwenye orodha ya majina inayopita mwisho wa filamu.

Onyo nimeliandika mwisho kabisa, kwa sababu mpaka ukate ndo unajua unaonya kuhusu nini. Lile la "picha zifuatazo zinaweza kukusumbua" halisemi kitu, linamtisha mtu tu. Letu lilisomeka: "Sasa utaona mlipuko wa baruti baharini. Jeraha la siku ile halionyeshwi. Sehemu hii ni sekunde nane, kisha aliyeumia anaongea na mkono wake unaonekana." Linasomwa pia kwa sauti, maana si kila mtazamaji anasoma, na linakaa skrini muda wa kutosha wewe kulisoma taratibu mara mbili. Liweke mwanzo wa filamu na tena karibu na sehemu yenyewe. Ila usilitegemee kupita kiasi, tafiti za maonyo zimeonyesha kwamba kwa ujumla hayapunguzi mshtuko, yanaongeza wasiwasi kidogo kabla, na wengi wanaendelea kutazama vilevile. Onyo linampa mtu nafasi ya kuamua, kupunguza ukali ni kazi ya mkasi wako.

Na mkionyesha pwani kwa shuka na projekta, lile onyo la skrini halifanyi kazi kabisa, watoto wamekaa mbele mchangani na hakuna anayeweza kuirusha filamu mbele. Hapo mtu anasimama na maiki kabla ya kuanza, anasema kuna nini na dakika ya ngapi, na wazazi wanapewa muda wa kuondoa wadogo.

La mwisho ni trela. Trela haina onyo, inajicheza yenyewe mtu akiwa kwenye daladala, kwa hiyo mlipuko haumo na picha ya jalada siyo mkono. Producer alinuna. Nikamwonyesha ile ya chai, akaichukua, ila kwanza tulimpigia jamaa simu kumuuliza, kwa sababu alichokubali ni filamu, hakuna aliyekuwa amemtajia trela.