Sherehe si faharasa, wala si kamusi ndogo

Wiki iliyopita nilikabidhiwa karatasi ya kusomea ya darasa la watu wazima hapa Lamu. Juu kuna kifungu kifupi, katikati maswali ya ufahamu, na chini orodha ya maneno yenye kichwa "Faharasa". Nilipouliza kwa nini lisiandikwe "Sherehe", nilijibiwa kwamba wanafunzi watadhani kuna harusi. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na kosa haliko kwenye kichwa peke yake. Jina lisilo lake limeiharibu kazi yenyewe.

Sherehe ni maelezo mafupi ya maneno ya kifungu fulani, kwa maana yaliyo nayo ndani ya kifungu hicho, kwa ajili ya msomaji fulani. Maana ni hiyo tu.

Neno limetoka Kiarabu, sharh, na shina lake lina maana ya kufungua, kukunjua. Aliyepita chuo cha Kurani analijua kutoka sura ya 94, pale Mtume anapoulizwa kama hakukunjuliwa kifua chake. Kifua kikikunjuka ni furaha, na neno likikunjuliwa ni maelezo, kwa hiyo sherehe ya harusi na sherehe ya kitabu si ngeni moja kwa nyingine. Katika darasa za msikitini mambo haya huenda pamoja daima: kuna matini, yaani maneno ya kitabu chenyewe, na kuna sharh, yaani maneno ya mwenye kuyafafanua. Katika vitabu vingi vya zamani matini hukaa katikati na maelezo yakaizunguka pembeni. Sherehe haitembei peke yake. Ukiiondoa matini, haina cha kukunjua.

Faharasa ina asili nyingine. Ilipitia Kiarabu lakini ilianzia Kiajemi, fihrist, na maana yake ni orodha. Kazi yake ni kukuonyesha kitu kiko wapi: neno hili ukurasa wa 12, lile ukurasa wa 40. Wako wanaolitumia kwa mambo yote mawili, nami sigombani nao kwa kitabu kizima. Lakini kwa karatasi ya ukurasa mmoja, kuna nini cha kutafutwa kiko wapi?

Kamusi nayo ni bahari, na nasema hivyo kwa maana kamili. Qamus kwa Kiarabu ilikuwa bahari kuu. Firuzabadi aliiita kamusi yake al-Qamus al-Muhit, bahari inayozunguka, na kitabu kikavuma hata jina la bahari likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Kamusi inabeba kila maana ya neno. Sherehe inachota kikombe kimoja.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Kifungu chake ni hiki:

Mama Amina anakaa Shela. Leo anataka kwenda Lamu. Maji yamekupwa. Mashua imesimama mbali na gati. Mama Amina anavua viatu. Anapita majini hadi kwenye mashua. Nauli ni shilingi mia moja. Anampa nahodha noti ya mia mbili. Nahodha anatafuta chenji.

Kifungu ni kizuri. Sentensi ni fupi, silabi nyingi ni nyepesi, na vitenzi havikurundikwa viambishi. Kwa Kiswahili hili la viambishi ni muhimu kuliko idadi ya maneno, kwa sababu "atakapomrudishia" ni neno moja kwa kuhesabu lakini kwa anayeanza kusoma ni kilima.

Chini yake yalifafanuliwa maneno 11. Maneno 11 katika kifungu cha maneno 38! Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation waliwapima watu wanaosoma Kiingereza kama lugha ya pili, wakaona kwamba ili wasome vizuri bila msaada walihitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Kiswahili si Kiingereza, na wanafunzi wetu wengi wamezaliwa ndani ya lugha hii, kwa hiyo siichukui hesabu hiyo kama sheria. Hata hivyo, karibu theluthi ya kifungu ikihitaji kuelezwa, ama kifungu si cha ngazi yao ama maelezo hayakuhitajika. Hapa hayakuhitajika. "Kupwa" lilielezwa kwa mistari miwili, kwa watu ambao safari zao zote hupangwa kwa kupwa na kujaa.

Lililoniuma zaidi ni "vua". Liliandikwa hivi: "1. toa samaki baharini, 2. toa nguo au viatu mwilini, 3. okoa." Bibi mmoja wa makamo alisoma sentensi ya Mama Amina vizuri, kidole chini ya kila silabi. Akashuka kwenye orodha, akasoma maana ya kwanza, akarudi juu, akanyamaza. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakukosea popote. Neno alilokuwa nalo tangu utotoni, karatasi ilimtia shaka nalo, kwa sababu aliyeiandika alinakili kamusi. Sherehe ingesema "anavua viatu: anavitoa miguuni", ikanyamaza.

Bibi huyo huyo alipofika kwenye "mia moja" alitamka "mia moya". Si kosa la kusoma. Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, husema moya, yana na kuya, na macho ni mato, njia ni ndia. Ameona herufi, amepata maana, ameitamka kwa lugha ya nyumbani kwake. Hapo ndipo sherehe ingefaa kweli kwa wasomaji wa hapa: "moja: moya". Mwanafunzi aliyetoka bara na kuhamia huku hahitaji hilo, lakini huenda akahitaji "kupwa". Kifungu ni kimoja, ila sherehe zinaweza kuwa mbili.

Inabaki mipaka yake na maswali. Swali la kwanza lilikuwa "Mama Amina anakaa wapi?" Hilo hujibiwa kwa kunakili, hata na asiyeelewa. Ningeandika "Mkuti anafaka Zobe", ungeweza kuniambia Mkuti anafaka wapi, na hakuna ulichofahamu. Swali zuri lilikuwa la tatu: "Kwa nini anavua viatu?" Jibu halikuandikwa mahali pamoja. Msomaji aunganishe maji yaliyokupwa, mashua iliyosimama mbali na kupita majini. Lakini orodha ilikuwa imeongeza kwenye "vua" maneno "kwa mfano, ili visilowe". Swali likajibiwa kabla halijaulizwa, na wanafunzi wakanakili kutoka chini badala ya kusoma juu. Sherehe hufungua neno tu. Kufungua kisa ni kazi ya msomaji.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, karatasi yako haihitaji kuandikwa upya. Kiache kifungu kama kilivyo. Swali la kwanza libadilishe liwe "Nahodha atarudisha shilingi ngapi?", na la tatu liache kama lilivyo. Chini yafute yote, uandike "Sherehe", na kwa darasa hili ubakishe mistari miwili:

anavua viatu: anavitoa miguuni
moja: moya

Na akikuuliza mtu harusi ni ya nani, mwonyeshe neno "matini", umwambie hizi mbili hukaa pamoja.