Rosa na simu iliyopotea: dhana potofu kuhusu hadithi ya kwanza ya Kihispania

Hadithi ya kwanza ya kumsomesha anayeanza Kihispania ndiyo hii. Matukio yake yanatokea sokoni nchini Peru, nayo ina maneno 61 tu.

> Rosa vende papas en el mercado. Hoy hay mucha gente. Una señora compra dos kilos de papas. Rosa busca su celular. No está en la mesa. No está en el saco.
> —¡Ay, casera! Se me perdió el celular.
> La señora tiene el número de Rosa y llama. El celular suena. Suena en la bolsa de la señora. ¡Está con las papas!

Kwa kifupi: Rosa anauza viazi, watu ni wengi, simu haionekani mezani wala guniani. Mteja anapiga, na simu inalia ndani ya mfuko wa mteja mwenyewe, katikati ya viazi.

Dhana: "Kupoteza" ni *perder*, kwa hiyo Rosa aseme *perdí el celular*.

Sentensi hiyo ni sahihi, ila inamfanya Rosa kuwa mtendaji, kama mtu anayekiri uzembe. Jambo likitokea bila kukusudia, msemaji wa Kihispania hupenda kuigeuza sentensi: *se me perdió el celular*. Wanafunzi wengi huikariri kama fumbo, ilhali msemaji wa Kiswahili anayo tayari: "simu imenipotea". Simu ndiyo kiima, na *me* inafanya kazi ya "-ni-". Hapo ndipo makosa hutokea, kwa sababu kitenzi kinafuata kilichopotea, si aliyepotewa. Funguo zikipotea ni *se me perdieron las llaves*, kama vile "zimenipotea". Akipotewa mwingine, badilisha *me* peke yake: *se te perdió* ni "imekupotea", *se le perdió* ni "imempotea".

Dhana: Hadithi ya wanaoanza isiguse wakati uliopita.

Kusimulia kwa wakati uliopo kunakubalika kabisa katika Kihispania, ndiyo maana *vende*, *busca* na *llama* zimebaki hivyo. Lakini Rosa anapolia, simu imekwisha kupotea. Kumlazimisha aseme *se me pierde* kungemaanisha simu humpotea mara kwa mara. Kitenzi kimoja cha wakati uliopita, kikiwa ndani ya mazungumzo, hakimlemei msomaji.

Dhana: *Es* na *está* ni kitu kimoja, zote ni "ni".

Kosa la kawaida ni *el celular es en la mesa*. Jipime kwa Kiswahili: hapa ungesema "iko mezani" au "ipo mezani", si "ni mezani". Panapokuja "iko" weka *está*. Panapokuja "kuna" weka *hay*, kama *hay mucha gente*. Kipimo hiki kinafaa kwa mahali kitu au mtu alipo. Kwenye hali ya mtu hakikusaidii, kwani *está cansada* kwetu ni "amechoka".

Hilo neno *gente* lina mtego wake: maana yake ni watu, lakini kisarufi ni umoja. Andika *la gente compra*, si *compran*.

Dhana: Neno gumu utalipata kwenye kamusi.

Tafuta *suena* na huenda usilione, kwa sababu kamusi huorodhesha *sonar*. Katika baadhi ya vitenzi, silabi inayobeba mkazo hugeuza *o* kuwa *ue*, na katika vingine *e* kuwa *ie*: *perder*, *pierde*. Ukikwama kwenye *ue*, kwa kawaida rudisha *o*, ondoa kiishio, kisha weka *-ar*, *-er* au *-ir*. Angalia pia alama juu ya *n*: *sueña* ni "anaota", na simu haioti.

Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliohusu hadithi za Kiingereza, ulikadiria kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe bila msaada. Kwa maneno 61, hilo ni kama neno moja geni. Basi kabla ya kusoma, fundisha *celular*, *bolsa*, *busca* na *suena*. *Mesa* iache, maana "meza" yetu ilitoka kwa Wareno na inajieleza yenyewe.

Dhana: Kihispania ni kilekile kila mahali.

Uhispania, Rosa angeuza *patatas* na kutafuta *móvil*, na pengine angesema *se me ha perdido*. *Casera* nayo ni ya Peru: muuzaji na mteja huitana hivyo, na mwanamume huitwa *casero*. Ukihamishia hadithi Madrid, badilisha yote manne pamoja; *casera* huko ni mwenye nyumba anayekudai kodi.