Je, wajua kwa nini macho huruka kosa lililo wazi?

"Nimesoma mswada wangu wa kurasa 320 mara tatu, lakini rafiki yangu kakuta kosa kwenye ukurasa wa kwanza alioufungua. Mbona mimi siyaoni, na niusome vipi bila kuchoka?"

Jicho halitelezi na mstari kama kidole. Huruka: hutua kama robo sekunde, hunasa herufi chache kwa uwazi, kisha huruka tena, na vijineno kama "na" au "ya" mara nyingi huvipita bila kutua. Pengo linalobaki hujazwa na ubongo kwa kukisia. Nawe uliyeandika huna haja ya kukisia sana, kwani sentensi unaijua kabla hujaifikia. Ndiyo maana "walipiga kula" hupita salama. Hata programu ya kukagua tahajia hunyamaza, maana "kula" ni neno halali.

Uchovu huongeza ukisiaji huo, na ubaya wake ni kwamba haujitangazi. Aliyechoka huona maandishi yamekuwa safi! Kwa hiyo usiupime kwa hisia, upime kwa hesabu.

Chukua kurasa 6 kwa kipindi cha dakika 45, kisha inuka kabisa mezani. Vipindi vinne kwa siku ni kurasa 24, na mswada wako utakwisha kwa wiki mbili hivi. Kila kipindi kikiisha, andika idadi ya makosa uliyoyapata. Tuseme siku moja umepata 11, 9, 10, halafu 2. Usishangilie hayo mawili. Kesho asubuhi, kabla ya kuendelea, zirudie zile kurasa 6 za mwisho. Ukikuta mengine saba, kipindi cha nne kilikuwa cha bure, na tangu hapo fanya vitatu. Usipokuta kitu, basi sehemu hiyo ilikuwa safi kweli.

Kuyavunja mazoea, badili sura ya maandishi: fonti nyingine, mistari mifupi zaidi, au karatasi badala ya skrini. Kusoma kwa sauti husaidia, ingawa mdomo nao hudanganya. Utatamka "kura" palipoandikwa "kula" usipokwenda silabi kwa silabi. Mimi hupenda zaidi kuanza na aya ya mwisho ya sura na kurudi nyuma, kwa sababu hadithi ikikatika sina cha kutarajia. Njia hii hunasa tahajia tu. Hamisi aliyegeuka Hamadi sura ya tisa hutamwona hivyo. Yeye anahitaji usomaji mwingine, wa kwenda mbele, ukiwa na orodha ya majina pembeni.

Vichwa vya sura viwekee kipindi chao, asubuhi. Herufi zake ni kubwa kiasi kwamba kila mtu hudhani ameshavisoma.