Thelathini na nne ya nini? Namna ninavyokagua majibu ya mawimbi

Swali nililowapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne lilikuwa fupi: wimbi la sauti hewani lina masafa ya kilohezi 2 na urefu wa sentimita 17, tafuta kasi yake. Binti mmoja akaniletea daftari, jibu limepigiwa mistari miwili: 34 m/s. Nikamwuliza kama ana uhakika nalo.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimerudia kwenye kikokotoo mara tatu."

Alikuwa anasema kweli, kwa sababu 2 mara 17 ni 34 hata ukirudia mara mia. Sikumwonyesha kosa. Nilimwuliza basi la mkoani linakwenda kasi gani barabara kuu, akasema kilomita themanini kwa saa, pengine mia. Tukaigeuza 34 m/s yake kwa kuizidisha na 3.6, tukapata kilomita 122 kwa saa. Akaitazama namba ile, kisha akasema mwenyewe, "Kumbe gari dogo likikazwa mwendo lingeipita sauti ya honi yake!"

Sauti hewani husafiri kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi ni kama 331, na huongezeka kwa 0.6 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 pwani inakaribia 349. Jibu la swali la sauti hewani likiangukia mbali na hapo, nasimama kwanza. Hesabu yenyewe ilipaswa kwenda hivi:

```
v = f × λ
f = 2 kHz = 2,000 Hz
λ = 17 cm = 0.17 m
v = 2,000 × 0.17 = 340 m/s
```

Nilipokusanya madaftari ya darasa zima nilikuta majibu matano tofauti: 340, 34, 34,000, 0.34 na 3,400,000. Yote yana tatu na nne. Ndiyo maana kurudia kubonyeza kikokotoo hakusaidii: kosa halipo kwenye tarakimu, lipo kwenye nafasi ya nukta, na kikokotoo hakijui kama uliingiza kilohezi au hezi. Kinachosaidia ni kuuliza jibu lako ni kubwa au dogo mara ngapi kuliko lile linalotarajiwa, kwa sababu kila kosa la vizio huacha unyayo wake.

Jibu la 0.34 ni dogo mara 1,000, na huo ni unyayo wa kilohezi: mwanafunzi aligeuza sentimita vizuri, akaacha 2 kama ilivyo. Jibu la 34,000 ni kubwa mara 100, na huo ni wa sentimita, maana aligeuza kilohezi akasahau urefu. Lile la 34 ni dogo mara 10, na hili huwasumbua wengi kwa sababu hakuna kizio chochote pale chenye kumi ndani yake. Kumi hiyo inatokana na makosa mawili yaliyokutana. Ameacha kuzidisha kwa 1,000 na pia ameacha kugawanya kwa 100, na 1,000 ukigawa kwa 100 inabaki 10. Yule wa 3,400,000 alikumbuka vizio vyote viwili, ila sentimita alizizidisha kwa 100 badala ya kuzigawa, hivyo akapotoka kwa 100 mara 100, yaani 10,000. Nikiona unyayo wa elfu kumi najua mara moja kwamba kugeuza amegeuza, isipokuwa amekwenda upande usio wake.

Kuhusu upande, huwa nawarudisha sokoni. Pishi moja ni vibaba vinne. Mchele uleule ukiupima kwa kibaba namba inakuwa kubwa, ukiupima kwa pishi namba inapungua, kwa sababu chombo kimekuwa kikubwa. Mita ni kubwa kuliko sentimita, basi 17 lazima ipungue: 0.17. Hezi ni ndogo kuliko kilohezi, basi 2 lazima ikue: 2,000. Mwanafunzi akishika hili hahitaji kukariri lini azidishe na lini agawanye.

Niseme pia kwamba 34,000 si kosa kama pembeni pameandikwa cm/s, wala 0.34 si kosa ikiandikwa km/s. Hata 34 ni sahihi ukiibeba na vizio vyake: ni 34 kilohezi-sentimita, na kilohezi moja mara sentimita moja ni mita 10 kwa sekunde. Ndiyo sababu nawasihi waandike vizio katika kila mstari, hata ndani ya kuzidisha. Yule binti angeandika 2 kHz × 17 cm, macho yake yangekwama pale kabla ya kufika kwenye m/s. Yeye aliandika 2 × 17, halafu m/s akaileta mwishoni kwa mazoea tu.

Sasa nije kwenye ukaguzi ambao wengi wanauamini kuliko unavyostahili, wa kurudisha jibu kwenye fomula. Tuseme swali limegeuzwa: kasi ni 340 m/s, masafa kilohezi 2, tafuta urefu wa wimbi. Mwanafunzi anagawa 340 kwa 2, anapata 170, anaandika mita 170. Kisha anakagua kama alivyofundishwa, 170 mara 2 ni 340, anaridhika na kuweka alama ya vema. Lakini jibu ni mita 0.17. Ukaguzi wake umepita kwa sababu alirudi nyuma kwa njia ileile aliyokuja nayo, na ile 2 isiyogeuzwa imetumika kwenda na kurudi. Kurudisha jibu kwenye fomula kunakamata kosa moja muhimu, la kugawa kinyumenyume, yaani kuchukua 2,000 ukaigawa kwa 340 ukapata 5.9. Hilo litaonekana papo hapo, maana 5.9 mara 2,000 haifiki popote karibu na 340. Kosa la vizio linapita bila kuguswa. Ukitaka kurudi nyuma kwa manufaa, rudi na namba zilizokwisha geuzwa, zikiwa na vizio vyake.

Kinachokamata mita 170 ni kujua sauti zinazosikika zina urefu gani. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Gawa 340 kwa kila moja: mita 17 upande mmoja, sentimita 1.7 upande wa pili. Sauti yoyote unayoisikia hewani ina wimbi lililo kati ya hapo. Mita 170 inapita urefu wa uwanja wa mpira, na wimbi la namna hiyo lingekuwa na masafa ya hezi 2, ambayo sikio halisikii kama sauti.

Kwenye redio kipimo cha akilini kinabadilika, kwa sababu mawimbi yale husafiri kwa kasi ya mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde. Chukua kituo cha mawimbi ya kati kwenye kilohezi 1,000. Ukigeuza vizuri unapata hezi 1,000,000, na urefu wa wimbi ni mita 300. Ukisahau kugeuza unapata mita 300,000, yaani kilomita 300, ambazo zinakaribia umbali wa Dar es Salaam hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka. Kwenye FM, megahezi 100 inakupa mita 3. Hii unaweza kuishika mkononi: antena ya kuvuta ya redio ndogo hufanya kazi vizuri ikikaribia robo ya wimbi, na robo ya mita 3 ni sentimita 75. Jibu lako likisema wimbi la FM ni mita 3,000, itazame antena hiyo kabla hujaendelea. Na swali likitaka kasi ya wimbi la redio ukapata zaidi ya 300,000,000 m/s, usiendelee hata hatua moja, kwa sababu hakuna wimbi la redio linalopita kasi ya mwanga katika ombwe.

Kuna mahali ambapo ukubwa wa jibu hautakuokoa, napo ni kwenye beseni la viwimbi, lile lenye kioo chini, maji ya kina kidogo, kimota cha kutikisa na taa juu. Kasi ya viwimbi hivyo hubadilika kwa kina cha maji na kwa masafa, kwa hiyo huna namba moja ya kulinganisha kama ile 340. Makosa yake pia si ya makumi na mamia, hivyo hayaachi unyayo unaoonekana.

Mwezi huohuo tulifanya jaribio hilo. Mota ilikuwa ikitikisa kwa hezi 12. Kwenye karatasi nyeupe chini ya beseni, kutoka kivuli cha kilele cha kwanza hadi cha tano, rula ilisoma sentimita 12. Kundi la kwanza liligawa 12 kwa 5, likapata sentimita 2.4 na kasi ya 28.8 cm/s. Kundi la pili liligawa kwa 4, likapata sentimita 3 na kasi ya 36 cm/s. Majibu yote mawili yanaonekana ya kawaida kwa maji. Kundi la pili lilikuwa na haki kwenye kuhesabu, maana vilele vitano vina nafasi nne kati yake, kama vidole vitano vya mkono vilivyo na mianya minne.

Ila hata wao hawakuwa wamefika. Taa iko juu na karatasi iko chini ya kioo, kwa hiyo mwanga unazidi kutawanyika ukishuka, na kivuli kinakuwa kikubwa kuliko wimbi lenyewe. Nikalaza rula ya plastiki angavu juu ya kioo, ndani ya maji, tukapima kivuli chake. Sentimita 10 za rula zilionekana sentimita 15 kwenye karatasi. Kivuli kilikuwa kimekuzwa mara 1.5, basi zile sentimita 3 za kivuli ni sentimita 2 za wimbi halisi. Tukazidisha 12 kwa 2, tukapata 24 cm/s, nikawataka waigeuze kuwa mita. Yule binti wa 34 ndiye aliyekuwa ameshika chaki. Aliandika 24 cm/s, akanong'ona "chombo kikubwa, namba inapungua," kisha akaandika 0.24 m/s.