Fundi wa Kisima Akistaafu Aprili, Makabidhiano Yaanze Oktoba

Msimamizi wa mradi mmoja wa maji wilayani Chamwino aliniletea rasimu ya makabidhiano. Fundi pampu anatimiza miaka 60 mwezi Aprili, na mrithi wake, binti aliyetoka chuo cha ufundi, angekaa naye wiki mbili za Machi. Orodha ya vifaa ilikuwa safi kabisa. Nilichokataa ni hiyo Machi.

Huku kwetu mvua hunyesha Desemba hadi Aprili. Machi watu wana maji ya mabati na madimbwi, pampu inawashwa saa chache, hakuna kinachoharibika. Mrithi angejifunza kubonyeza swichi. Kazi yenyewe iko Oktoba na Novemba: pampu inaanza alfajiri, foleni ya madumu haiishi, na maji kisimani yanashuka hadi kuikaribia pampu. Tukaanza Oktoba.

Mwanzoni mzee aliendesha, binti akaandika. Mrithi ndiye aandike, maana fundi mzoefu huruka kile ambacho mkono wake umekizoea. Mzee alisema, "Ampea zikishuka, zima." Binti akauliza, "Shikamoo babu, halafu?" Hapo ndipo ujuzi ulipotoka. Karatasi yao sasa inasema hivi:

"Kawaida ni ampea 16. Zikishuka, tupia jicho geji ya presha, kisha zima. Presha ikiwa imepanda, kuna valvu imefungwa mbele, fuata bomba. Presha ikiwa imeshuka na sindano inachezacheza, pampu inavuta hewa. Pima kina, subiri maji yarudi karibu na alama ya asubuhi, kisha washa pampu huku valvu imebanwa kidogo."

Dalili ya kwanza ni moja, dawa ni mbili. Anayejua nusu ataizima pampu na kuiwasha tena papo hapo, na pampu ya kuzama hupozwa na kulainishwa na maji hayo hayo. Ikizunguka kavu inaungua.

Novemba wakabadilishana: binti kwenye paneli, mzee kwenye kiti, mikono mbali. (Hili lilimtesa mzee kuliko binti.) Kuanzia Januari mzee alibaki nyumbani, akapigiwa simu pale tu karatasi ilipokosa jibu, na kila simu ikaongeza mstari.

Kuna jambo hawakulifanya pamoja: kuitoa pampu kisimani. Haitolewi kila mwaka, na kuitoa kwa ajili ya somo ni kujitafutia hasara. Kwa hilo waliandika idadi ya mabomba, urefu na kipenyo chake, kina ilipofungwa pampu na mahali nyaya zilipoungwa, wakalinganisha na kumbukumbu za wachimbaji. Hata hivyo karatasi haiwezi kumwambia mtu bomba lililokwama linavutwaje bila kukatika, kwa hiyo nimemwomba msimamizi aweke kwenye bajeti posho ya kumwita mzee siku pampu itakapotolewa.