Mke Aliyechelewa: Kusoma Ujumbe wa Mapenzi Uliopitia Mashine ya Tafsiri

Tuseme mwanamke wa Entebbe amepata ujumbe huu WhatsApp, kutoka kwa mtu anayejiita mhandisi wa mafuta aliyeko baharini. Nimeutunga mwenyewe, ila vipande vyake ndivyo matapeli wa mapenzi wanavyovizungusha kila siku:

"Natumai ujumbe huu unakupata vyema mpendwa. Tangu mke wangu aliyechelewa afe kwa saratani sijahisi hivi kwa mtu yeyote. Wewe ni mwanamke anayemwogopa Mungu. Nataka kutumia mapumziko ya maisha yangu na wewe."

Mke huyo alichelewa wapi? Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana ya marehemu na ya aliyechelewa, na mashine imeokota isiyofaa. "Mapumziko ya maisha" ni vilevile: alikusudia maisha yaliyobaki.

Usikimbilie kumhukumu hapo. Mgeni mkweli naye hutumia mashine, tena mashine za sasa hukosea kidogo kuliko za zamani, kwa hiyo tapeli anaweza kukuandikia Kiswahili kilichonyooka. Mimi kosa la tafsiri hulitumia kama mlango wa kurudia maandishi ya asili. Chukua sentensi mbili zenye habari, si salamu, uzirudishe kwa Kiingereza kwenye Google Translate. Ondoa majina na miji, kisha tafuta vipande vya maneno matatu hadi sita ndani ya alama za nukuu, viwili kwa pamoja:

```
"since my late wife" "God fearing woman"
```

Ukitafuta sentensi nzima hutapata kitu, kwa sababu tafsiri ya kurudi haitoi maneno yaleyale. Kipande kifupi ndicho kinachonusurika. Aya ikijitokeza karibu neno kwa neno kwenye kurasa za watu wanaolalamika kutapeliwa, umelipata daftari ambalo matapeli hunakili. Isipojitokeza, hujathibitisha lolote, maana madaftari mapya huandikwa kila mara.

Alama nzito zaidi ni jinsi anavyojibu, si anavyoandika. Mwandikie kitu ambacho daftari halina: "Leo nimekula rolex mbili nikashiba, nikapanda boda kurudi nyumbani." Mganda anajua ni chapati na mayai. Mashine itamletea saa ya mkononi ya bei mbaya. Mtu anayekusoma atashangaa, atauliza unakulaje saa. Anayenakili atakwambia, "Hiyo ni nzuri malkia wangu, ninahesabu siku mpaka nikushike," na kuendelea na safari yake. Rudia na maswali mawili matatu ya aina hiyo kwa siku tofauti, kwani mara moja mtu yeyote anaweza kupitiwa.

Hapo hapo tazama saa za jumbe. Aya ya maneno 120 ikiingia sekunde 20 baada ya swali lako haikuchapwa kwa vidole, imebandikwa. Halafu ukiuliza jambo dogo, unapata "ndiyo mpenzi" na kimya cha dakika kumi. Ukiona pia jina lako halitajwi kamwe, ni mpendwa, malkia, mpenzi tu, sababu ni ya kikazi: aya moja inatumwa kwa wengi, na jina likisahaulika kubadilishwa linamfichua. Wakati mwingine husahau jinsia, mwanamke akasifiwa kuwa "mwanaume mwenye moyo safi". Kosa hilo mashine haiwezi kusingiziwa kirahisi, kwa kuwa neno la Kiingereza la mwanaume na la mwanamke hayachanganyiki katika tafsiri.

Mwisho wa daftari huwa kifurushi: simu, dhahabu, fedha taslimu, vyote "vimezuiliwa uwanja wa ndege" wa Entebbe, na "wakala" anadai "ada ya kibali" kwa mobile money. Hapa lugha ya ujumbe ilipaswa kubadilika. Wakala wa forodha wa Uganda anayeandika Kiswahili kilekile cha mashine, na "mpendwa" yuleyule, ni mtu yuleyule aliyebadilisha namba.

Mdai PRN, namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kodi ya Uganda hulipwa kwa namba hiyo, si kwa namba ya simu ya mtu. Akikutumia PRN, iangalie kwenye tovuti ya `ura.go.ug` au kwa kupiga simu URA kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Akikutumia namba ya simu badala yake, iingize kwenye mobile money bila kuweka PIN: jina la aliyesajiliwa hujitokeza kabla hujathibitisha. Lisome, lilinganishe na jina la huyo wakala, kisha ufute.