Mimba haijaingia kwa mwaka mzima: vipimo vya kwanza na mpangilio wake

Swali: Nina miaka 33, mume wangu 38. Tuna miezi 14 bila kinga yoyote na mimba haijaingia. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 35. Nilipimwa damu siku ya 21, nikaambiwa yai halitoki, nikaandikiwa dawa ya kupevusha mayai. Je, nianze kuitumia?

Jibu: Subiri kwanza, dada. Ninavyoona, kipimo hicho kilifanywa siku isiyo yako.

Kinachopimwa ni homoni ya projesteroni, ambayo hupanda baada ya yai kutoka na kufikia kilele chake kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. "Siku ya 21" ni sahihi kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Kwako wewe, yai hutarajiwa kutoka karibu siku hiyohiyo ya 21, kwa sababu kipindi cha kutoka yai hadi hedhi huwa kama siku 14 na hakibadiliki sana. Kinachorefuka ni ile nusu ya kwanza ya mzunguko. Damu yako ilichukuliwa kabla homoni haijapata nafasi ya kupanda.

Siku yako ni ya 28. Ukishatoa damu, andika tarehe ambayo hedhi inayofuata imeanza. Ikija baada ya siku saba hivi, majibu yanaaminika. Ikichelewa hadi wiki mbili, kipimo kiliwahi tena. Projesteroni ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, ni ushahidi kwamba yai lilitoka. Na hedhi inayokuja kwa mpangilio kila siku 21 hadi 35, kwa wanawake wengi, yenyewe ni dalili nzuri kwamba mayai yanatoka. Ingekuwa hedhi yako inaruka miezi, ningezungumza tofauti: hapo hupimwa homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, na daktari hutafuta dalili za ovari zenye vifuko vingi.

Kuna sababu nyingine ya kutoharakisha dawa hiyo. Mume wako hajapimwa.

Swali: Yeye anasema ana mtoto wa miaka tisa kwa mahusiano ya zamani, kwa hiyo tatizo si lake. Kuna haja?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Mtoto wa miaka tisa anaonyesha hali ya mbegu zake miaka kumi iliyopita. Tangu hapo anaweza kuwa amepata maambukizi, mishipa ya korodani imevimba, au ametumia homoni ya testosteroni ya kujenga misuli, ambayo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Hilo la mwisho wanaume wengi hawalijui, wala hawalitaji wasipoulizwa. Upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya kesi za wenza wasiopata mimba, ama peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kipimo cha manii hakina sindano wala mionzi, ndiyo maana nasisitiza kitangulie.

Akae siku mbili hadi saba bila kumwaga. Atoe kwa mkono, bila mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, na sampuli yote iingie kwenye kikopo. Akitolea nyumbani, kikopo kikae karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja.

Swali: Amepima. Karatasi inasema mililita 0.8, mbegu milioni 9 kwa mililita. Ndiyo basi tena?

Jibu: Hapana. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, mipaka ya chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na milioni 39 kwa sampuli nzima. Ya mumeo ni 0.8 mara 9, yaani milioni 7.2, chini sana ya mpaka. Lakini kwanza mwulize kwa upole: je, yote iliingia? Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, na likimwagika nje, ujazo na idadi vyote hushuka pamoja. Muulize pia kama aliugua homa kali katika miezi mitatu iliyopita, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa na homa ya juzi huonekana kwenye karatasi ya leo.

Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Kama sampuli ilimwagika, arudie mapema. Kama aliitoa vizuri, kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi. Isipokuwa pale ambapo haikuonekana mbegu hata moja: hapo rudia haraka, na jibu likiwa lilelile aende kwa bingwa bila kusubiri. Mipaka hiyo nayo si ukuta. Wapo walio chini yake wanaopata watoto, na walio juu yake wasiopata.

Swali: Alikiri sehemu ilimwagika. Ya pili imetoka mililita 2.6, milioni 21 kwa mililita, na zinazokwenda mbele asilimia 40. Damu yangu ya siku ya 28 nayo ilikuwa nzuri. Sasa naogopa picha ya mirija ya uzazi.

Jibu: Milioni 54.6 kwa jumla, na mwendo umevuka mpaka wa asilimia 30. Kwa hiyo picha ya mirija, inayoandikwa HSG kwenye fomu, ndiyo hatua yako sasa.

Hufanywa hedhi ikishakoma na kabla yai halijatoka. Msikutane kimwili tangu hedhi ianze hadi siku hiyo, ili kusiwe na mimba changa. Dawa yenye kuonekana kwenye eksirei hupitishwa kwenye mlango wa kizazi. Maumivu huwa kama ya hedhi kwa dakika chache. Muulize daktari kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla. Kama una homa, maumivu ya nyonga au uchafu wenye harufu, sema mapema, kwa sababu maambukizi hutibiwa kwanza. Sema pia kama una mzio wa iodini.

Dawa ikimwagika tumboni pande zote mbili, njia iko wazi. Ikiishia pale mrija unapoanzia, usikubali upesi neno "umeziba": misuli ya hapo hujikaza kwa maumivu na kuiga kuziba. Hilo huhitaji kuthibitishwa, kwa kurudia au kwa kamera ya tumboni. Ikiwa mrija umevimba maji mwishoni, hilo si la kusubiri, kwa kuwa maji hayo hurudi kwenye mfuko wa uzazi na hupunguza nafasi ya mimba hata kwa upandikizaji wa mimba iliyotungwa maabara.

Swali: Na tukikuta yote ni sawa, tuendelee kujaribu au twende kwa bingwa?

Jibu: Nendeni. Aliye chini ya miaka 35 huanza uchunguzi baada ya miezi 12, wa 35 na zaidi baada ya miezi sita, na aliyefika 40 mara moja. Nyinyi mmeshapita miezi 12, na majibu mazuri hayasimamishi umri wa mayai. Wengine hawapaswi kusubiri hata hiyo miezi: asiyepata hedhi, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi au maambukizi ya nyonga, aliyetibiwa saratani, na mwanamume ambaye korodani hazikushuka utotoni.

Mnapokwenda, chukueni karatasi zote mbili za manii, hata ile ya sampuli iliyomwagika, filamu yenyewe ya mirija na siyo maelezo peke yake, na tarehe za hedhi zako za miezi sita. Nendeni wote wawili.